Kwa nini fishie ya 10 inatangulia fishie ya 2, na ginsi ya kuipanga sawasawa

Kisa hiki kilitokea mu studio moja ndogo ya redio. Walikuwa wamepokea, kwa fulashi, muchezo wa redio wenye sehemu 12. Ulikuwa unaeleza mama mujane aliyenyanganywa shamba la bwana wake, na wasikilizaji walipaswa kungoja mpaka karibu na mwisho ili wajue nani aliuza lile shamba kwa siri. Siku ya kwanza sehemu ya 1 ilipita vizuri. Kesho yake, saa ileile, ordinatere ya studio ikapiga sehemu ya 10. Ni katika sehemu ile shemeji ya mama mujane anakubali mbele ya chefu wa kijiji kama ni yeye aliuza. Siri ikatoka siku ya pili.

Simu zikaanza kulia. Mukubwa wa programu akamuuliza fundi: "Nani aligusa ordinatere?" Fundi akafungua dosie mbele ya watu wote. Mule ndani fishie zilikuwa zimejipanga vizuri: sehemu1, sehemu2, sehemu3, mpaka sehemu12. Akasema: "Mimi sikugusa kitu. Muangalie wenyewe." Ile siku watu walimuona kama mutu wa kuficha makosa yake, na alisumbuka sana.

Kumbe fundi alisema kweli, na ordinatere nayo haikuharibika. Ilifanya kazi yake kama ilivyofundishwa. Makosa yalikuwa katika ginsi majina ya fishie yaliandikwa. Jambo hili linaweza kumupata mutu yeyote anayeweka nyimbo kwa fulashi, anayepiga picha kurasa za dosie ya uwanja, ao anayetunza mahubiri ya kila juma. Njo maana tunaeleza hapa namna linatokea na namna ya kulizuia.

Ordinatere inasoma namba kama herufi

Tufikirie mwalimu anayepanga majina ya wanafunzi kwa alfabeti. Anaangalia herufi ya kwanza. Amani anatangulia Bahati, sababu A iko mbele ya B. Kama herufi ya kwanza ni moja, anaangalia ya pili, kisha ya tatu: Bahati, Baraka, Beatrice. Hajali kama jina ni refu ao fupi. Bahati iko na herufi sita na Bea iko na tatu, lakini Bahati anatangulia, sababu kwa herufi ya pili "a" inashinda "e". Mara tu tofauti inaonekana, mwalimu anasimama pale. Kinachofuata hakiangaliwi tena.

Programu nyingi za ordinatere zinapanga majina ya fishie vile vile kabisa. Kwao, 1 na 2 si hesabu. Ni alama kama vile "a" na "b". Ndani ya mashini kila alama iko na nimero yake ya siri: alama 0 ni 48, alama 1 ni 49, alama 2 ni 50, na vile vile mpaka 9 ambayo ni 57. Programu inalinganisha hizi nimero, alama moja baada ya ingine, kutoka kushoto kwenda kuume.

Basi tulinganishe majina mawili: sehemu2.mp3 na sehemu10.mp3. Herufi s, e, h, e, m, u ni sawa kwa pande zote mbili. Alama ya saba ni 2 kwa jina la kwanza, na 1 kwa jina la pili. Alama 1 inatangulia alama 2. Kazi imeisha pale pale: sehemu10 inapita mbele. Ile 0 inayofuata 1 programu haikuiangalia hata kidogo. Haikujua kama ilikuwa inasoma kumi.

Kwa muchezo wa sehemu 12, mupango unakuwa hivi:

```
sehemu1.mp3
sehemu10.mp3
sehemu11.mp3
sehemu12.mp3
sehemu2.mp3
sehemu3.mp3
...
sehemu9.mp3
```

Huu mustari njo alama ya ugonjwa. Ukiona 1, 10, 11, kisha 2 inakuja nyuma, usitafute virusi na usimukasirikie mutu. Programu yako inasoma namba kama herufi. Kama fishie ni 9 ao chini, hautaona kitu, kwani namba zote ziko na alama moja. Njo maana kazi inaweza kuenda vizuri kwa miezi mingi, kisha inavurugika siku fishie ya 10 inafika.

Mupango wa asili: kuhesabu kama mutu

Kuko namna ingine ya kupanga, inaitwa mupango wa asili, sababu inafuata namna mutu wa kawaida anavyohesabu. Programu yenye kuujua inafanya kazi moja zaidi mbele ya kulinganisha: inakata jina katika vipande. Alama za namba zinazofuatana zinakuwa kipande kimoja, na herufi zinazofuatana zinakuwa kipande kingine.

Jina sehemu10.mp3 linakatwa hivi: "sehemu", kisha 10, kisha ".mp" na 3. Jina sehemu2.mp3 linakatwa: "sehemu", kisha 2, kisha ".mp" na 3. Sasa programu inalinganisha kipande kwa kipande. "Sehemu" na "sehemu" ni sawa, inasonga mbele. Kipande cha pili ni hesabu kwa pande zote mbili, kwa hiyo hailinganishi alama tena, inalinganisha hesabu: 2 ni ndogo kuliko 10. Sehemu2 inapita mbele. Kila kitu kinakaa fasi yake.

Angalia kama kipande cha herufi sherti kiwe sawa kwa majina yote. Kama mutu aliandika sehemu1, mwingine akaandika Sehemu 2, na wa tatu akaandika sehem_3, mupango wa asili hautaweza kuwaunganisha. Utashindwa kwa kipande cha kwanza, mbele ya kufika kwa namba. Hata nafasi tupu moja ni alama, nayo iko na nimero yake, ni 32.

Kila programu iko na macho yake

Tumerudi kwa fundi wetu. Namna gani dosie ilionyesha mupango muzuri, na redio ikapiga mupango mubaya, kwa ordinatere moja na siku moja?

Jibu ni kwamba mupango hauko ndani ya fishie. Fishie zimewekwa tu. Ni kila programu inayozipanga kwa macho yake wakati inaziangalia. Dirisha la Windows ambalo tunafungulia dosie linapanga kwa namna ya asili tangu Windows XP, iliyotoka mwaka 2001. Mbele ya pale, kwa Windows 2000, dirisha lilionyesha 10 mbele ya 2. Lakini ile akili iko ndani ya dirisha. Programu ingine, kama ile ya kupiga sauti, inaweza kuomba orodha ya majina moja kwa moja kwa diski, na diski ya Windows inatoa majina yakiwa yamepangwa kwa alama: 1, 10, 11, 12, 2. Kama aliyetengeneza programu hakuongeza mupango wa asili, itapiga vile ilivyopewa.

Fundi aliangalia kwa dirisha, programu iliangalia kwa diski. Wote wawili walikuwa na dosie moja mbele yao.

Kwa watu wa Linux tofauti inaonekana kwa amri mbili tu. Ya kwanza inapanga kwa alama, ya pili inapanga kwa asili:

```
ls
ls -v
```

Kwa telefone ni vile vile. Programu moja ya kufungulia fishie inaweza kupanga kwa asili, na ile ya kupiga muziki, kwa telefone ileile, ikapanga kwa alama. Namna ya kujua ni rahisi na haiombi mutaalamu. Chukua fishie tatu za sauti za sekunde chache, uziite 1, 2 na 10. Uzifungue kwa programu unayotaka kujaribu. Ikizipiga 1, 2, 10, inajua kuhesabu. Ikizipiga 1, 10, 2, haijui. Lakini ufanye jaribio kwa programu itakayopiga kweli, si kwa ile unayotumia kwa kuangalia tu. Pale njo fundi wetu alianguka.

Dawa: zero mbele ya namba

Ukituma fishie kwa mutu mwingine, haujui atazifungua kwa programu gani. Kwa hiyo usitegemee macho ya programu. Andika mupango ndani ya jina lenyewe, kwa kuweka zero mbele ya namba ndogo, ili namba zote ziwe na urefu mumoja.

Sehemu2 inakuwa sehemu02. Sasa hata programu isiyojua kuhesabu itapanga vizuri. Inalinganisha sehemu02 na sehemu10: alama ya saba ni 0 upande huu na 1 upande ule, na 0 inatangulia 1. Mupango wa asili nao haupotezi kitu, sababu kwake 02 ni mbili tu. Pande zote mbili zinakubaliana.

Kwa muchezo wa sehemu 12, ni majina tisa tu ya kubadilisha, kutoka 1 mpaka 9. Kwa mukono ni kazi ya dakika chache. Mwenye Linux anaweza kuifanya kwa mustari mumoja, akiwa ndani ya ile dosie:

```
for n in 1 2 3 4 5 6 7 8 9; do mv "sehemu$n.mp3" "sehemu0$n.mp3"; done
```

Kwa Windows kuko mutego. Wengi wanachagua fishie zote, wanafinya F2, wanaandika jina moja, kisha Enter. Windows inawapa sehemu (1), sehemu (2), mpaka sehemu (12). Inapendeza kwa macho, lakini haikuweka zero. Ugonjwa uko palepale.

Zero ngapi? Hesabu namba ya mwisho utakayofikia, si ile uliyonayo leo. Mahubiri ya kila juma yanafika 52 kwa mwaka, kwa hiyo alama mbili zinatosha. Emisio ya kila siku inafika 365, inaomba alama tatu: 001, 002, 003. Ukianza na alama mbili kisha ukafika 100, ugonjwa unarudia: sehemu100 itaingia katikati ya sehemu10 na sehemu11. Na ukisahau zero kwa fishie moja tu, tuseme sehemu3, ile itaanguka nyuma ya sehemu12. Fishie iliyoanguka mwisho wa orodha bila sababu njo ile inayokosa zero.

Hii dawa unaiona kila siku bila kuijua. Angalia jina la picha uliyotumiwa kwa WhatsApp na kutunzwa kwa telefone ya Android. Liko namna hii: IMG-20240302-WA0007.jpg. Namba ya mwisho iko na alama nne, na zero ziko mbele. Aparei za kupiga picha nazo zinaandika alama nne, kutoka 0001 mpaka 9999. Ikipita 9999 aparei inarudi 0001, na siku ile picha mupya itajipanga mbele ya picha ya zamani kama ziko mu dosie moja.

Jambo moja la kuangalia mbele ya kubadilisha majina: kama ulikwisha kutengeneza orodha ya kupiga ndani ya programu ya redio, ile orodha inakumbuka majina ya zamani. Ukibadilisha sehemu2 kuwa sehemu02, programu itatafuta sehemu2 na haitaiona, na redio inaweza kunyamaza hewani. Badilisha majina kwanza, kisha utengeneze orodha upya, na uipige yote kwa haraka, sekunde chache kila sehemu, mbele ya saa ya emisio.

Fasi ambazo mupango wa asili hausaidii

Mupango wa asili unajua kuhesabu, lakini haujui maana. Tarehe njo zinaonyesha vile. Kwetu tunaandika siku, mwezi, mwaka. Tuseme uko na habari tatu zilizoitwa 1-12-2023, 2-3-2024 na 10-1-2024. Mupango wa asili utaziacha kama vile tumeziandika hapa, sababu 1 ni ndogo kuliko 2, na 2 ni ndogo kuliko 10. Lakini kwa kweli habari ya tarehe 10 mwezi wa kwanza ilitangulia ile ya tarehe 2 mwezi wa tatu. Programu ilianza kwa siku, na siku njo kitu kidogo kuliko vyote katika tarehe. Geuza: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na zero zake: 2023-12-01, 2024-01-10, 2024-03-02. Hivyo zitajipanga vizuri kwa programu yoyote. Ukirudi kwa jina la picha ya WhatsApp, utaona tarehe iliandikwa kwa mupango ule ule: 20240302.

Shida ya pili ni namba zilizoandikwa kwa maneno. Mutu anaita fishie zake "sehemu ya kwanza", "sehemu ya pili", "sehemu ya tatu", akifikiri ameeleza vizuri. Kwa alfabeti zitatoka hivi: kumi, kwanza, nane, nne, pili, saba, sita, tano, tatu, tisa. Hakuna programu itakayozipanga, kwani hakuna hata alama moja ya namba ndani yake. Namba za Kiroma ni vile vile: IX inapita mbele ya V. Kama unapenda maneno, weka namba mbele, kisha maneno: 03 sehemu ya tatu.

Shida ya tatu ni namba zenye nukta. Kwa mupango wa asili 1.5 inatangulia 1.10, sababu 5 ni ndogo kuliko 10. Kwa sura za kitabu ni sawa, sura ndogo ya 5 iko mbele ya sura ndogo ya 10. Lakini kama ni vipimo, mita moja na nusu inapita mita moja na sentimita kumi, na orodha itakuwa imedanganya. Kwa vipimo andika alama sawa pande zote: 1.10 na 1.50.

Na kama redio ya gari haisikii zero?

Kuna watu wanasema: "Niliweka zero kwa kila wimbo, lakini redio ya gari inaendelea kuvuruga." Hawa wanasema kweli vilevile, lakini ugonjwa wao ni mwingine.

Redio nyingi za gari na redio ndogo za fulashi hazisomi majina hata kidogo. Fulashi nyingi ziko na orodha ya ndani, na kila fishie unayonakili inaandikwa pale kwa zamu yake. Redio inapiga kwa kufuata ile zamu. Aliyeingia kwanza anaimba kwanza, hata kama jina lake ni 12. Na ukifuta fishie moja, nafasi yake inabaki tupu katika orodha, na fishie ingine inayokuja kisha inaweza kukaa pale, katikati ya zile za zamani.

Namna ya kutofautisha: badilisha jina la wimbo mumoja bila kuutoa kwa fulashi, kwa mufano uuite 00. Kama haukuhamia mbele, redio yako haiangalii majina. Dawa ni kunakili upya kwa zamu. Tunza fishie zote kwa ordinatere, futa yote kwa fulashi, kisha nakili moja moja ukianza na 01, ungoje iishe, ufuate na 02. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa fishie 12 inafanyika. Zero bado zinasaidia pale: zinakuzuia wewe mwenyewe kukosea zamu.

Mu studio ile ya mwanzo, walibadilisha majina tisa, wakatengeneza orodha upya, na siku ya tatu wakapiga sehemu ya 2. Siri ya shemeji ilikuwa imetoka, hiyo hawakuweza kuirudisha. Lakini tangu siku ile, karatasi moja imebandikwa karibu na ordinatere, na kila mutu anayeleta fulashi anaonyeshwa mbele ya kupokelewa. Imeandikwa: "Namba mbili, 01 mpaka 99. Kama unapita 99, tuambie mbele ya kuanza." Na yule fundi njo aliyeiandika.